Nauza jinzi za mtumba juu ya bei niliyonunulia, mtaji bado unakatika. Bei ya mwisho niipangeje, na nikikaza mteja asinikimbie?

Dada wa Jinzi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina meza ya jinzi za kike za mtumba hapa Tandika, Dar. Naomba wenye uzoefu mnisaidie kuhusu wateja wanaokomaa na bei.

Nanunua belo la kilo 45. Hili la mwisho nililipa 480,000. Kuli, guta na mtu wa pasi wakala kama 20,000, jumla 500,000. Nilipofungua nikahesabu suruali 84. Nikagawa, ikaja kama 6,000 kwa suruali moja, nikaifanya hiyo ndiyo bei yangu ya mwisho. Naanzia 10,000, mteja akibembeleza nashuka mpaka 7,000, akikomaa sana 6,000. Chini ya hapo sitoi, isipokuwa zilizochoka ambazo naziondoa kwa 2,000.

Belo limeisha, nimehesabu hela, nimepata 430,000. Sijakopesha mtu, na mezani nakaa mwenyewe kwa hiyo sioni wa kuniibia.

Nina maswali mawili. Hiyo 70,000 imepotelea wapi wakati nzuri zote nimeziuza juu ya bei niliyonunulia? Na la pili, kila nikijaribu kukaza, mteja anaweka suruali chini anavuka kwa jirani. Mnakazaje na mteja bado ananunua?

Mpiga Debe

Dada, unaanzia chini. Mteja wa meza lazima aombe apunguziwe, hata ukimpa bure ataomba na mfuko. Jinzi mtajie 30,000. Atakwambia 15, unalalamika kidogo, unampa. Mimi mikanda na pochi naziuza hivyo na maisha yanaenda. Ukianza na 10 lazima uishie 6.

Mteja wa Kudumu

Niseme kama mnunuzi. Jinzi ya mezani nikitajiwa 30, siombi hata punguzo. Naishusha taratibu, nasema "ngoja nizunguke", naondoka na sirudi. Nina 12 au 13 mfukoni, na nikimtajia hiyo mtu aliyesema 30 naona kama namtukana. Akinitajia 18 au 20 ndiyo nafungua mdomo. Kwa hiyo Mpiga Debe, wapo wengi unaowapoteza bila kujua, maana hawakuambii wameondoka kwa nini.

Babu Belo

Dada, weka pembeni kwanza maneno ya kumwambia mteja. Shida yako ya kwanza ni hesabu, na bei ya mwisho ikiwa imekaa vibaya hata ukikaza vipi utakuwa unakazia mahali pa hasara.

Umegawa belo kana kwamba suruali zote 84 zinafanana. Mteja hanunui wastani. Anakuja, anapekua, anachomoa ile kali kuliko zote, halafu anakubana kwenye hiyo hiyo mpaka 7,000. Wa pili anachomoa inayofuata. Siku ya nne unabaki na suruali ambazo hata 6,000 hazifiki, na zile ambazo zingezibeba zimeshaondoka kwa bei ya wastani.

Nijibu haya. Ulipofungua, ngapi zilikuwa kali? Namaanisha rangi haijapauka, zipu nzima, mapajani kwa ndani hakujalika, na saizi ni zile zinazotoka. Ngapi za kawaida, ngapi zilizochoka? Na kukaa pale mezani kunakugharimu shilingi ngapi kwa siku?

Dada wa Jinzi

Babu, shikamoo, na asante. Kali zilikuwa 22, za kawaida 38, zilizochoka 24. Kali zote ziliisha siku tatu za mwanzo, nyingi wakichukua wenye maduka ya nguo na wanafunzi wa chuo, zote 7,000. Za kawaida 6,000. Zilizochoka 2,000. Ushuru, nauli na chakula cha mchana ni kama 6,000 kwa siku, na belo linanikalia siku 12 za kazi. Hiyo 6,000 sikuiweka kwenye hesabu, huwa naitoa humo humo.

Babu Belo

Marahaba. Basi hela yako imeonekana.

Kali 22 kwa 7,000 ni 154,000. Za kawaida 38 kwa 6,000 ni 228,000. Zilizochoka 24 kwa 2,000 ni 48,000. Jumlisha, 430,000 kamili. Hakuna aliyeiba. Na ukitoa 6,000 ya kila siku, hali ni mbaya zaidi ya unavyodhani, kwa sababu belo lilitakiwa kurudisha 500,000 pamoja na 72,000 ya kukaa pale, yaani 572,000.

Sasa panga upya, na anzia fungu la chini kupanda juu, usianzie juu. Fungu la chini bei yake inaamuliwa na soko, huna ubishi nalo: 2,000, unapata 48,000. La kati umeshaona watu wanalipa 6,000 bila shida, unapata 228,000. Ukitoa hizo mbili kwenye 572,000 zinabaki 296,000, na mzigo huo lazima ubebwe na zile kali 22. Gawa, inakuja 13,450 na kitu. Iweke 14,000. Hiyo ndiyo bei ya mwisho ya suruali kali ya belo lile. Ulikuwa unaitoa kwa nusu yake.

Utauliza kama kuna mtu wa kulipa 14,000 Tandika. Umejijibu mwenyewe: 22 zimeisha siku tatu, tena zimechukuliwa na wenye maduka. Mwenye duka hanunui kitu cha kuvaa, anaenda kukiuza. Mzigo ukiondoka kwa kasi hiyo wakati uliobaki umelala, ujue bei yake ilikuwa chini.

Angalia na kitu kingine. Ukiuza zote kwenye bei ya mwisho unapata 308,000 ya kali, ukijumlisha na hizo nyingine inakuwa 584,000. Faida hapo ni 12,000 tu kwa wiki mbili. Kwa hiyo bei ya mwisho haikulishi, inakuzuia usianguke. Faida yako inatoka kwa wale watakaoishia 17, 16, 15. Ndiyo maana mtu akikuuliza "bei ya mwisho ngapi?" kabla hata hajaishika suruali, usimtajie 14.

Na fungu zisichanganywe. Kali zitundike kwenye henga. Za kawaida zikae mezani zimekunjwa. Zilizochoka zimwage kwenye turubai chini, moja 2,000, hazina mjadala. Ukizichanganya, mteja anashika ya henga anakuonyesha ya chini anakwambia "mbona ile 2,000?"

Mpiga Debe

Babu, si ndiyo nilichosema? Aanze juu.

Babu Belo

Kuanzia juu umesema kweli, ulichoacha ni kipimo. Mwisho ukiwa 14, anzia 20. Hapo una nafasi ya kupumua na mteja hashtuki. Ukitaka kujua kama umepatia, sikiliza wateja wanaondokaje. Wengi wakiondoka bila kutaja bei yao, kama Mteja wa Kudumu alivyosema, bei ya kuanzia iko juu mno. Wengi wakitoa hela bila kuomba, iko chini. Wakitaja, mkaongea, wengine wakanunua wengine wakaondoka, umekaa pazuri. Pochi mpya na mikanda ni mzigo mwingine, mteja hana pa kupimia. Jinzi ya mtumba kaiona kwenye meza kumi kabla ya kufika kwako.

Mwenye Genge

Mimi nauza nyanya na vitunguu mtaani. Kuna mama kila siku anachukua, anasema "nitakupa Ijumaa", Ijumaa ikifika anasema nimpunguzie deni. Huyu nae nimfanyeje? Nikikaza atahamia genge lingine.

Dada wa Jinzi

Pole ndugu yangu, ila hilo lako ni la mkopo, mimi naongelea anayelipa hapo hapo.

Babu Belo

Linagusana kidogo. Bei ya mwisho ni ya mwenye hela mkononi. Anayechukua kwa deni usimpe bei hiyo kabisa, kwa sababu ile hela ingekuwa imeshanunua mzigo mwingine. Mengine ya deni anzishia uzi wake, tutakuja.

Kijana wa Gikomba

Habari za huko, ndugu zetu. Huku Gikomba, Nairobi, belo likikatwa asubuhi, wenye maduka huwa wamefika mapema kuchagua kamera, yaani zile bora kabisa. Hao hulipa vizuri kwa sababu wanataka kuchagua kabla ya wengine. Ikifika mchana bei imelegea, jioni ni kumaliza tu. Kwa hivyo mimi naona bei ya mwisho haiwezi kuwa moja siku nzima. Ya saa moja asubuhi na ya saa kumi na moja jioni ni tofauti. Dada ajifunze kushusha kadiri jua linavyoshuka.

Babu Belo

Hapo tunaachana kidogo, kijana. Gikomba kuna umati mpya kila saa. Meza ya mtaani wanaopita ni wale wale, wanakwenda kazini asubuhi na kurudi jioni. Ukiwafundisha kwamba jioni unalegea, asubuhi watakuwa wanachungulia tu, wanachagua kwa macho, kisha wanarudi saa kumi na mbili.

Kwangu bei inashuka kwa umri wa belo. Mtaji ukisharudi, au suruali ikishakaa wiki nzima kwenye henga, naitoa naishusha mezani, inakuwa ya fungu la pili na bei ya fungu la pili. Ila naamua asubuhi kabla sijafungua, naandika kwenye kadibodi nyuma ya meza. Mbele ya mteja sibadilishi. Mtu akiwa amekushikia suruali anakwambia ana watoto wanaumwa, huo si wakati wa kupiga hesabu.

Kijana wa Gikomba

Naelewa, lakini mimi siwezi kulala na mzigo. Pesa iliyolala haileti belo jingine.

Dada wa Jinzi

Hesabu nimeipata, nimeiandika. Sasa la pili. Nikisema 20 anasema 8. Nasema 18, ananyamaza. Nasema 16, ananyamaza. Nasema 14, anasema "fanya 10". Nikifika mwisho wangu yeye hajasogea popote, na ananiangalia kama nitashuka tena.

Bi Darajani

Mwanangu, nimeusoma uzi tangu mwanzo. Mimi nauza vitenge na madera Unguja, lakini mtumba niliuza miaka mingi kabla ya hapo. Ulivyoandika mwenyewe ndipo ulipo ugonjwa: yeye ananyamaza, wewe unajaza kimya kwa namba. Umeshuka mara tatu, na mara mbili kati ya hizo hakukuambia kitu. Tena kila mara umeshuka elfu mbili mbili. Mtu akiona ngazi ziko sawa anajua chini yake kuna nyingine.

Ukishataja bei, ngoja. Panga nguo, kunja, mtazame usoni, lakini usiseme namba mpaka naye aseme yake. Na kila ukishuka, ushuke kidogo kuliko ulivyoshuka kwanza, na uombe kitu. Nitakuandikia namna ninavyoongea.

Yeye: Hii bei gani?
Wewe: Elfu 20. Tazama kitambaa chake, kizito, rangi haijaondoka.
Yeye: Nane.
Wewe: Nane haifiki, dada yangu. Nitakufanyia 17.
(Nyamaza.)
Yeye: Kumi basi.
Wewe: Ukitoa sasa hivi, 15.
(Nyamaza tena, hata kama kimya kinakuuma.)
Yeye: Nina 12 tu.
Wewe: Kwa 12 hiyo haitoki. Ukichukua mbili, nitakupa kila moja 14. Kama leo una 12 tu, njoo hapa mezani nikuchagulie ya 9, ubaki na nauli yako.

Kutoka 20 kwenda 17 ni elfu tatu, kutoka 17 kwenda 15 ni elfu mbili, kutoka 15 kwenda 14 ni elfu moja na hiyo lazima achukue mbili. Mwenyewe anahisi amefika chini bila wewe kuapa. Baada ya hapo usitaje namba mpya. Akisema 12, sema yale yale, "kwa 12 hiyo haitoki, ya 9 ipo hapa". Akisema 13, yale yale. Sauti iwe ile ile, na uso mzuri. Kukaza si kununa.

Na neno "mwisho" litumie mara moja tu. Nimesikia vijana wanasema "mwisho 18", dakika hiyo hiyo "mwisho 16". Huyo hata akifika mwisho wa kweli nani atamwamini?

Mteja wa Kudumu

Hili la kimya ni kweli kabisa. Sisi wanunuzi wengine tunanyamaza kwa makusudi.

Dada wa Jinzi

Bi, shikamoo. Nitajuaje huyu ananunua kweli na huyu anapoteza muda wangu? Maana siwezi kupanda na kushuka hizo ngazi na kila anayepita.

Bi Darajani

Marahaba mwanangu. Tazama mikono, achana na mdomo. Anayeuliza bei huku anatembea, mtajie ya kuanzia, basi. Anayeichomoa kwenye henga, anaivuta zipu juu na chini, anaigeuza kutazama mapajani, huyo ameipenda. Na akishaizungusha kiuno cha suruali shingoni kupima kama itamtosha, huyo keshanunua moyoni, anachotafuta ni bei ya kumpa raha. Kwa huyo usikimbilie kushuka. Wengi wanapoteza elfu tatu, elfu nne kwa mtu ambaye tayari suruali iko shingoni.

Umpe kitu kingine badala ya bei. Mimi kwenye kitenge nampa upindo wa bure kwa fundi aliye jirani yangu, mimi na fundi tunamalizana wenyewe. Wewe ukiwa na fundi karibu, kukata urefu na kupinda ni hela ndogo, na msichana mfupi ataona umemjali kuliko kumpunguzia elfu mbili.

Mpiga Debe

Yote sawa, lakini akiondoka je? Mimi nikimuona amefika kwenye kona naita, "Dada, njoo, lete hiyo hiyo." Bora 12 kuliko sifuri.

Mteja wa Kudumu

Mpiga Debe, ndiyo maana tunaondoka. Kwenye meza za kuita mimi natembea polepole, nikisikia "njoo" najua nimeshinda. Na nikimpeleka rafiki yangu kesho namwambia, pale usinunue mpaka akuite. Kwa wasioita, nikipenda kitu narudi mwenyewe baada ya kuzunguka, nalipa walichosema.

Bi Darajani

Mwite kama una kingine cha kumwambia. "Dada, nimekumbuka ninayo kama ile, saizi yako, ya 9." Lakini kumwita ili ukubali bei uliyoikataa, umejivunjia ukuta mwenyewe. Na akiondoka usimnyang'anye nguo mkononi wala kumsindikiza na maneno. "Karibu tena, nipo mpaka jioni." Ile suruali irudishe kwenye henga pale pale alipoiona, akirudi aikute.

Babu Belo

Mimi kwenye kuita si mkali kama Bi. Suruali ya saizi isiyo na watu, kiuno kikubwa sana au kidogo sana, ikipata mtu aliyeipima ikamkaa, nitamwita. Mwingine wa saizi ile naweza nisimuone mwezi mzima. Ila saizi za kawaida simwiti, atakuja mwingine kabla ya adhuhuri.

Mwenye Meza Mbili

Niongeze jambo moja kwa wanaoacha kijana mezani. Kijana ukimwambia "mwisho 14", kwake hiyo ndiyo bei ya kuanzia, kwa sababu anataka auze haraka, aonekane mchapakazi. Au anauza 17, anakuletea 14, cha juu anaweka mfukoni. Mimi kijana wangu mwisho wake ni 16. Mteja akikomaa chini ya hapo anasema ukweli mtupu, "mwenye mzigo hajaniruhusu, ngoja nimpigie." Ananipigia mbele ya mteja, naamua mimi. Mara nyingi mteja akiona simu inapigwa kwa ajili ya elfu moja anaelewa pamebana.

Bei Moja

Mnajichosha bure. Nina duka Morogoro, kila nguo ina karatasi ya bei. Anayetaka anachukua, asiyetaka anapita. Hakuna kubishana na siku inaisha koo halijakauka.

Mteja wa Kudumu

Dukani kwenye kioo na chumba cha kujaribia siombi punguzo, kweli. Mezani juani nikiona karatasi ya bei nauliza bado, "hii ndiyo bei, au inaongeleka?"

Bei Moja

Utauliza wiki ya kwanza. Ukijibiwa "haipungui" kila siku utazoea.

Babu Belo

Kwa fungu la turubai la 2,000 nakubaliana na wewe, andika ubao na usiongee. Kwa za henga sijaona meza iliyoweza kuishi hivyo muda mrefu. Sisemi haiwezekani.

Dada wa Jinzi

Wakuu, nimerudi. Nimefungua belo jipya leo, bei ile ile na gharama zile zile. Nimefuata utaratibu: kabla sijatundika hata moja nimechambua. Zimetoka 79. Kali 15 tu, za kawaida 40, zilizochoka 24. Nimepiga hesabu kutoka chini: 48,000, halafu 240,000, jumla 288,000. Ili ifike 572,000 zinabaki 284,000 kwa suruali 15. Inakuja karibu 19,000 kwa moja! Bei ya kuanzia yenyewe ni 20. Hapa nikikaza kwenye 19 sitauza hata moja.

Babu Belo

Hapo usikaze kwenye 19. Hesabu imekuonyesha belo ni baya, ni vizuri umejua leo asubuhi na sio baada ya wiki mbili. Hasara ya belo huwezi kumbebesha mteja, yeye analipa bei ya sokoni.

Kali ziweke mwisho 15, kwa sababu ni chache na zitagombewa. Za kawaida pandisha mwisho uwe 7. Unapata 225,000, na 280,000, na 48,000 ya turubai, jumla 553,000. Umepungukiwa 19,000, na hiyo itafute juu ya mwisho: kali zikiondoka kwa 17 badala ya 15 umeshapata 30,000. Kwa hiyo belo hili usiwe mwepesi wa kufika ngazi ya chini. Kisha chambua tena zile 40 za kawaida. Ukipata kama kumi zinazokaribia kali, zipige pasi vizuri, zitundike pembeni kwenye henga, bei yake ya mwisho 9.

Na ulikonunulia, waambie limetoka kali 15. Hela hawatakurudishia, ila muuzaji wa belo naye anaombwa bei kama wewe unavyoombwa. La safari ijayo usilipe 480,000 bila kuongea.

Kijana wa Gikomba

Mimi belo kama hilo ningelimaliza siku nne hata kwa hasara ndogo, nikachukua jingine. Kila siku unayokaa nalo inakula 6,000. Ukiokoa siku nane, hiyo ni 48,000.

Mwenye Meza Mbili

Na jingine likitoka baya vile vile?

Kijana wa Gikomba

Hiyo ndiyo biashara ya belo, hakuna anayeona ndani.

Dada wa Jinzi

Kijana, hesabu yako ya siku nane imeniingia, lakini sina hela ya kufunika pengo nikianza na hasara tena. Nitakaa na mpango wa Babu wiki ya kwanza, zitakazobaki baada ya hapo nitazishusha. Bi, kwa zile za kawaida, mwisho ukiwa 7 nianzie 10? Na ngazi zangu ziwe zipi, maana nafasi ni ndogo?

Bi Darajani

Anza 10, ushuke mara moja tu, 8. Saba ni ya anayechukua mbili. Nafasi ikiwa ndogo, mwanangu, usijitie kwenye ngazi nyingi. Na kesho wa kwanza akija asubuhi atakwambia "nifungulie biashara". Mpe 8 na mfuko mzuri.

Mpiga Debe

Wa kufungua biashara mimi simwachi aondoke hata kwa bei gani. Siku yote inakaa vibaya.

Bi Darajani

Wengi wanaamini hivyo, na sikulazimishi uache. Lakini Dada, wewe kadibodi yako umeiandika kabla huyo wa kwanza hajafika.